Mkurugenzi Tuliyemsahihisha

Sisi walimu wastaafu wa Tabora tuna ugonjwa mmoja: karatasi yoyote yenye watu wawili wanaozungumza, lazima tugawane nafasi na kuisoma kwa sauti. Ndivyo kikundi chetu cha uwekezaji kilivyosoma mazungumzo ya simu kati ya wakubwa wa kampuni ya saruji, ambayo tuna hisa zake, na wachambuzi wa masoko baada ya matokeo ya robo mwaka. Dalali wetu wa Dar alitutumia nakala kwa WhatsApp, kurasa kumi na nane za Kiingereza.

Jumamosi hiyo asubuhi tulikuwa na jambo moja la kuamua: akiba yote ya kikundi tuiongeze kwenye hisa hizo, au tuiache benki. Ndani ya akiba hiyo kulikuwa na sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu, kwa hiyo nilifika ukumbini nimenuna kabla hajanikosea mtu.

Mwenyekiti wetu, aliyekuwa mkuu wangu wa shule kwa miaka mingi, alijipa nafasi ya mkurugenzi. Nani angemkatalia? Yule mzee akikuambia habari za asubuhi tu, unajikuta unachomekea shati. Alisoma hotuba ya ufunguzi kwa sauti ya mstarini, kifua mbele. Maswali ya wachambuzi alipewa mwalimu wa upishi kutoka Kipalapala, mama mpole, akayasoma kama anaomba radhi. Mwenyekiti alipomaliza jibu la mwisho watu walipiga makofi.

"Huyu mkurugenzi anajiamini!" akasema mzee wa Kwihara. "Tuweke zote."

"Anayejiamini ni Mwalimu Mkuu," nikasema. "Wa kwenye karatasi bado sijamsikia. Naomba tusome tena, kimya kimya."

Walinung'unika, maana chai ilikuwa tayari. Lakini nilikuwa nimechapisha na nakala ya robo iliyotangulia, nikaziweka mbili ubavu kwa ubavu na kutoa kalamu nyekundu. Mwalimu akiiona hiyo, hata awe na njaa, anasogea.

Robo iliyopita mkurugenzi alisema: "Tutakamilisha kinu kipya cha saruji kabla ya mwisho wa mwaka." Safari hii: "Tunaendelea kulenga kukamilisha, hali ikiruhusu." Robo iliyopita alitoa makadirio ya mauzo ya mwaka mzima, kiwango cha chini na cha juu. Safari hii alisema makadirio yamewekwa kando kwa sasa, watayatazama tena baadaye.

"Alituahidi daraja la kwanza," akasema mzee wa Kwihara, "sasa anasema tusubiri matokeo."

Tukaingia kwenye maswali. Mchambuzi mmoja aliuliza kinu kitaanza lini na gharama zake zimepanda kiasi gani. Mkurugenzi alishukuru kwa swali zuri, akasifu wafanyakazi, akaeleza miti waliyopanda kwenye shule za msingi. Mchambuzi wa pili akarudia swali lilelile. Mkuu wa fedha akamjibu kwamba watazungumza naye nje ya mkutano. Na si kwamba hawajui kujibu: walipoulizwa bei ya makaa ya mawe, walitaja tarakimu mpaka za baada ya nukta.

Mama wa upishi, aliyekuwa ameyasoma maswali hayo kwa unyenyekevu wote, alininyang'anya kalamu. Akaandika pembeni, kwa herufi kubwa: HAJAJIBU SWALI. SIFURI. Tulicheka mpaka machozi.

"Kwa hiyo kampuni inakufa?" akauliza mzee wa Kwihara.

"Sijui. Huenda kinu kimechelewa tu. Ila kuna kitu hawataki kukisema, na mimi siongezi hela mpaka wakiseme."

Tukapiga kura: tusubiri robo ijayo. Nilifurahi hadi nikataka kuimba, nikamimina chai na kuanza kutania kila mtu. Mwenyekiti peke yake hakuwa amecheka.

"Na wewe, Mwalimu Mkuu," nikamwambia, "hisa zako binafsi hukuongeza?"

Akakoroga chai. Akasema karanga za mwaka huu zimekubali sana, hasa upande wa Urambo, na mvua zikienda hivi watu watavuna vizuri.

Hakuna aliyecheka. Asubuhi nzima tulikuwa tumejifunza kusikia jibu la namna hiyo. Nilitamani nilirudishe swali langu kinywani.

"Mwalimu," nikasema taratibu, "nimeuliza hisa."

Akaweka kikombe chini. "Kiinua mgongo chote. Mwezi uliopita. Mama nyumbani hajui."

Nilimwonea huruma na kujionea aibu kwa wakati mmoja. Kisha yule mzee, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akauliza nani kati yetu angemsindikiza nyumbani anapokwenda kumwambia mkewe.

Tulikwenda wote.