Pua za Perege wa Mwalimu Kasiva

Mwalimu Kasiva alipostaafu alichimba kidimbwi cha samaki nyuma ya nyumba yake, karibu na mji wa Kabati. Perege wake walipofika gramu mia moja, alienda dukani kwa Adow kuwanunulia chakula.

"Chukua hii, mwalimu. Protini asilimia arobaini," Adow alisema.

"Hiyo ni ya vifaranga wa samaki. Wangu wanataka thelathini, na punje za milimita tatu."

Adow akaleta gunia lingine. Kasiva akasoma tarehe: lilitengenezwa miezi minane iliyopita. Akalinusa. Lilinuka mafuta yaliyoharibika.

"Samaki hawana pua, mwalimu."

"Wako nazo. Tundu mbili."

Adow akamletea gunia la mwezi uliopita. Jioni Kasiva akarusha konzi moja kidimbwini. Punje zikaelea, perege wakazigombania mpaka zikaisha.

Kasiva akanawa mikono, akaenda kwenye maombi ya jioni.