Jiko la Koridoni

Siku hiyo sikumwamkia. Nilimpita mama mwenye nyumba koridoni bila hata shikamoo, nikaipua sufuria yake ya maharage, nikaitua sakafuni. Nikalishika jiko lake la mkaa kwa kanga niliyoikunja na kulipeleka uani, mvuani. Udongo wake wa ndani, ambao tayari ulikuwa na ufa, ulipasuka toka juu hadi chini.

"Umeniulia jiko!"

"Bora jiko, bibi."

Chumbani kwangu mwanangu, mtoto wa kunyonya, alikuwa amelala na haamki. Nilikuwa nimemwita, nimemfinya kisigino, kichwa kikawa kinamwangukia pembeni. Jiko lilipotoka nilirudi mbio, nikambeba, nikakimbilia barazani. Upepo ulipompiga akakunja uso, akalia kilio chembamba. Kule zahanati nesi alimsikiliza kifua, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mnapikia wapi?"

Tunapikia koridoni. Nyumba yetu hapa Tabora ni ya vyumba vinavyotazamana, katikati korido, mlango wa mbele na wa uani. Masika, mama mwenye nyumba huingiza jiko humo na kufunga milango yote miwili. Upepo unakula mkaa, ndivyo asemavyo. Maharage anataka yaive polepole, kwa mkaa wa kubana, usiopewa hewa nyingi, kama alivyofunzwa na mama yake.

Ufa wa jiko ulipoanza aliuziba kwa saruji iliyobaki kwenye ukarabati wa choo. Saruji na moto wapi na wapi! Ikabanduka vipande vipande, vikaangukia kwenye matundu ya chini, vikachanganyika na majivu. Hewa ikakosa pa kupandia. Mkaa ukawa unafifia na yeye anaongeza mwingine juu. Jioni kichwa kilikuwa kinanigonga na miguu inalegea. Nikisema, ananicheka.

"Moshi uko wapi, mama mtoto? Mkaa wa miti ya miombo huo, hauna moshi. Nyie wa sekondari mnaumwa na kila kitu."

Ni kweli, moshi haukuwepo. Hilo ndilo lililonitisha. Moshi unakukohoza, unakutoa machozi, unakufukuza. Kile kilichokuwa koridoni, hewa ya sumu ya mkaa, kilikaa kimya, kikapita chini ya mlango wangu.

Kwa kuwa jiko nililiharibu mimi, nililitengeneza mimi. Nilichokoa saruji yote, nikatoa vipande vya udongo vilivyolegea. Nilipata udongo wa kichuguu, kama wanaoutumia kwetu Igalula, nikautwanga, nikauchekecha, nikauchanganya na mchanga laini na majivu kidogo, nikaukanda mpaka ukashikana bila kunata mkononi. Kabla ya kuziba niliulowesha ufa, maana udongo mkavu hunyonya maji ya ule mbichi na kuubandua. Nikasindilia kwa kidole gumba. Matundu ya chini niliyazibua kwa msumari, moja moja. Kimlango cha majivu kilichokunjika nikakinyoosha kwa jiwe. Kisha nikaliacha kivulini siku kadhaa likauke polepole. Ukilianika juani linapasuka tena. Moto wa kwanza niliuwasha mdogo, uani.

Mkaa ulishika haraka, ukawa mwekundu mpaka chini. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akatazama.

"Mikono unayo," alisema.

"Lipikie nje, bibi. Au penye milango wazi. Hata jiko zima linaua ndani."

"Mm."

Hiyo "mm" niliichukulia kuwa ndiyo. Ujinga wangu.

Mvua iliporudi, nilitoka kuchota maji bombani, mtoto mgongoni, namshukuru Mungu kwa hilo. Narudi, mlango wa mbele umefungwa. Nikazungukia uani, nao umefungwa. Nikapiga kwa ngumi mpaka akafungua. Jiko nililolitengeneza lilikuwa palepale koridoni. Kimlango cha majivu kilikuwa kimezibwa kwa udongo. Udongo wangu wa kichuguu, ule uliobaki, kaukanda vizuri.

"Lilikuwa linakula mkaa mno," alisema, akijishika paji la uso. "Leo kichwa kinaniuma, sijui kwa nini."

Sikugombana naye. Nilifungua milango yote, nikatoa jiko nje, nikamkalisha barazani, nikampa maji. Kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kanga iliyolowa.

"Binti, unamshtaki mama mtu mzima kwa sababu ya jiko?"

"Jiko nimeshalitengeneza. Andika."

Akaandika, nami nikamsimamia mpaka akamaliza: Mimi, mpangaji, ninamlalamikia mwenye nyumba wangu kwa kuwasha mkaa koridoni huku amefunga milango na kuziba hewa ya jiko. Mtoto wangu alizimia. Nimemwambia kwa mdomo, hakusikia. Naomba aamriwe kupikia nje, na milango ya korido isifungwe moto ukiwaka. Naomba aamriwe leo, kabla mvua haijarudi, kwa sababu yeye mwenyewe analala humo.

Nikaweka sahihi.