Dakika Tisini za Mtaa wa Biashara

Athman Taib hakuwahi kujua kukaa kitako. Miaka kumi na minane alipima vitambaa dukani Mtaa wa Biashara, na hata mteja asipokuwepo alikuwa akihangaika na futi yake. Mwaka 1968 tajiri wake alihamia Uingereza, duka likafungwa, na Athman akabaki na miguu isiyo na kazi. Mwaka mzima Mabruka, muuza kanga wa mlango wa pili, alimpa chakula cha mchana bila kumuuliza atajilisha lini mwenyewe.

Kampuni moja ya watalii ilipotafuta mtembezaji wa mtaa huo, Athman aliitaka kazi hiyo mpaka usingizi ukamruka. Sharti lilikuwa moja: aandike maelezo ya vituo vinane, dakika tisini, kwani basi halisubiri mtu.

Akaandika. Hadithi ya soko kuchomwa moto wakati wa tauni, dakika nne. Mafundi cherehani, tatu. Aliweka kila kituo upande wenye kivuli, mbali na milango ya maduka, na akajikumbusha asifungue mdomo kabla mgeni wa mwisho hajafika. Jumapili alitembea peke yake akisema kwa sauti, saa mkononi. Themanini na nane! Alirudi kwake Kabiria akitabasamu njia nzima.

Jamani, Jumapili maduka yamefungwa. Hilo mtu wa mtaa ule ule hakuliwaza.

Jumanne alijaribiwa na Lornah, msimamizi wa kampuni, pamoja na makarani wawili waliojifanya wageni. Hawakufika kituo cha pili kabla fundi hajamshika mkono. Habari za nyumbani? Mama je? Ule mguu? Akatokea muuza viungo, akatokea mwenye vyombo. Huwezi kumkatiza mtu anayekuulizia mama yako. Kituo cha tatu, dakika hamsini zilikuwa zimekwisha.

"Mzee, hii ni tour ama ni harusi?" Lornah akauliza. "Tukichelewa, mimi natafuta mtu mwingine."

Athman akaangalia saa. Akafupisha tauni, akaharakisha mafundi, akatazama chini. Mbele ya duka la kanga alisikia, "Athman wee!" Akapita kama hakusikia. "Athman?" Akaongeza hatua.

Walimaliza kwa dakika themanini na tisa. Lornah akampa mkono: aanze Jumatatu. Athman alifurahi, kisha akakumbuka ile sauti, akarudi mbio duka la kanga.

Mabruka alikuwa akikunja kanga.

"Bi Mabruka, nisamehe, nilikuwa kazini..."

Hakukunja uso, wala hakupandisha sauti. Alimtazama kwa adabu ile anayowapa wapita njia wote.

"Karibu, bwana," akasema. "Nikuonyeshe kanga gani?"