Saa ya Mume Wangu na Barabara ya Bukama

Mume wangu ni dereva wa lori. Hubeba samaki kutoka Bukama hadi hapa Kamina, na ana ugonjwa wa sukari. Daktari alipomwambia atembee kila siku, binti yetu alimtumia kutoka Lubumbashi saa ya mkononi inayohesabu hatua. Tangu hapo nyumba haikukalika. Kila akishuka kwenye lori alininyooshea mkono: "Mama, angalia! Leo nimetembea!"

Nilimsifu, ila moyoni nilijiuliza anatembea saa ngapi mtu huyu.

Sukari haikushuka. Daktari akasema kama kutembea kote huko hakusaidii, ziara ijayo ataanza sindano. Mume wangu alinyong'onyea. Bosi wake alikuwa ameshasema hataki dereva wa sindano. Bila lori, yeye ni nani? Niliogopa, sioni aibu kusema.

Asubuhi ya ziara aliisahau saa bafuni. Nikaivaa, nikaenda kwenye kibanda changu karibu na stesheni, ninakowachapia watu barua kwenye kompyuta. Kibodi yangu ni ya zamani, lazima uigonge kama una ugomvi nayo. Niliandika asubuhi nzima bila kuinuka. Nilipotazama saa, eti nimetembea! Nilipandwa na hasira, nikafunga kibanda na kwenda moja kwa moja hospitalini, ambako mume wangu alikuwa tayari mbele ya daktari.

"Docteur, hii montre iko na bongo, inadanganya!" nikamwambia, nikimvulia ile saa. "Minyi nilikuwa nimeikala kwenye kiti!"

Daktari aliichukua, akaitikisa mkononi huku ameketi. Hesabu ikapanda kidogo.

"Haionake miguu," akasema. "Ndani iko kakifaa kanasikia mutikisiko ya mukono. Mutu akitembea, mikono inaenda na kurudi na mupigo mumoja. Ikisikia mupigo wa kufanana na ule, inahesabu tu. Papa, barabara ya Bukama iko namna gani?"

Mume wangu akamwonyesha kwa mikono jinsi lori linavyotikisika. Barabara ile ina makunyanzi kama bati, usukani unatetemeka safari nzima, na yeye ameung'ang'ania kwa mkono wenye saa.

"Ukishika volant uitoshe kwa mukono," daktari akaendelea. "Uivae tu wakati unatembea na miguu."

Nilidhani mume wangu atakasirika, maana hapendi kuumbuliwa, hasa mbele yangu. Badala yake aliipokea ile saa, akaigeuzageuza. Kisha akacheka, na macho yake yalikuwa na machozi.

"Docteur, kama ni vile, kutembea hakuyanishinda," akasema. "Minyi siyatembea bado hata kidogo."

Daktari akaiweka kando karatasi ya sindano, akampa mwezi mmoja wa kutembea kweli. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na kabla ya kufika sokoni alikuwa ameshaomba tupumzike.