Mzazi Aliyeishi Ndani ya Simu ya Naibu

Kuna wanaume ambao wakipewa cheo kidogo hununua suti, na kuna wanaohitaji simu ya pili. Naibu wa mwalimu mkuu katika shule niliyofundisha, nje kidogo ya mji wa Kakamega upande wa kwenda Iguhu, alikuwa navyo vyote viwili. Simu moja mfuko wa kulia, nyingine wa kushoto, na mikutanoni alizipanga mezani kama mtu anayetandaza bidhaa. Simu zenyewe hazikuwa na kazi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia nani amechelewa kurudi kutoka mapumziko ya chai.

Siku moja ile ya kushoto ikamfia. Akaniletea ya kulia katika chumba cha walimu, akaniambia nimwekee laini zote mbili kwenye programu ileile ya meseji. Laini ya pili, alisema, ni ya mambo ya miwa yake kule Butere. Hakusema tafadhali. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu niliyeajiriwa na bodi kwa mkataba wa mwaka, na kwa watu kama yeye mwalimu wa bodi ni kitu cha kutumwa, sawa na kifutio cha ubao.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikafungua sehemu ya kuzalisha programu pacha, nikaiwasha. Ikatokea ikoni ya pili, inafanana na ya kwanza kila kitu ila alama ndogo pembeni. Nambari aliiandika mwenyewe, simu ameigeuzia kifuani, kisha tukangoja ujumbe wa namba za siri uingie. Nikamweleza kwa subira ambayo hakustahili: hizi ni nyumba mbili, kila moja ina mazungumzo yake. Ukitaka kutuma picha kutoka kwenye albamu, simu itakuuliza uitume kwa ipi, kwa hiyo angalia ile alama. Alikuwa ameshaondoka kabla sijamaliza.

Wiki mbili baadaye, mtu aliyejiita Mzazi Mwenye Uchungu akaingia katika grupu ya wazazi wa darasa langu kwa kutumia kiungo cha mwaliko. Picha yake ilikuwa ua la alizeti. Uchungu wake wote ulikuwa juu yangu. Mwalimu wa hesabu anachelewa. Mwalimu wa hesabu anakunywa chai wakati watoto wanateseka na milinganyo. Mwalimu wa hesabu hana adabu kwa wakubwa wake. Aliandika kila jioni, Kiswahili kimenyooka kama cha hotuba ya kufunga shule, na wazazi wawili watatu wakaanza kuitikia kwa vidole gumba. Haikupita muda mwenyekiti wa bodi akanipigia kwamba mkataba wangu utajadiliwa Ijumaa, maana wazazi wanalalamika. Nilikuwa na mama mgonjwa nyumbani na sikuwa na shamba. Bila mkataba ule nilikuwa narudi kukaa kwa kaka yangu na kuhesabiwa vijiko vya sukari na mke wake.

Hapa ndipo ninapojidharau. Mimi niliyeiwasha programu pacha kwa mkono wangu, sikumfikiria naibu hata dakika moja. Nilimshuku mama mmoja muuza kuku sokoni, mjumbe wa wazazi wa darasa, kwa sababu tu muhula uliopita alikuja kuniuliza mbona mtoto wake amepata alama chache. Nikaamua ni yeye. Kila nilipokutana naye nilitazama upande mwingine. Mtu asiyejua hata kuandika sentensi moja bila kuchanganya l na r, nikamtwika mimi insha zile zote.

Jumanne ya wiki ya mkutano, naibu aligonga muhuri kwenye barua ya kufunga shule, kama alivyofanya kila muhula. Kwake mzazi haamini barua mpaka aone muhuri, na muhuri wenyewe haumtoshi asipoupiga picha wino ukiwa bado mbichi. Picha ikaingia kwenye grupu saa nne asubuhi. Aliyeituma alikuwa Mzazi Mwenye Uchungu.

Pichani barua ilikuwa juu ya meza ya naibu, na kalamu yake nyekundu pembeni. Ndani ya dakika moja picha ikafutwa, pakabaki yale maandishi ya kusema ujumbe umefutwa. Kisha picha ileile ikaja tena, safari hii kutoka kwa naibu mwenyewe. Nilikuwa darasani na chaki mkononi, na nilicheka mpaka wanafunzi wakaogopa.

Saa sita akaja kwangu. Ndiyo, kwangu. Nimewahi kuona ujinga wa aina nyingi, lakini wa mtu kukuchimbia kaburi, kisha akuletee jembe umsaidie kufukia, ule niliuona siku hiyo tu.

"Madam, toa hii ya pili. Inanisumbua."

Nikamwambia nikiizima, kila kitu chake kitafutika katika simu hii. Akasema hicho ndicho anachotaka. Skrini nayo ikaonya, akaitikia kwa kichwa, nikabonyeza. Ikoni yenye alama ikatoweka. Sikumwambia kwamba maneno yake yalikuwa bado yamekaa katika simu za wazazi arobaini, na kwamba nambari yake ilikuwa bado mwanachama wa grupu. Angeiacha, walau angeweza kujitoa. Aliamini pacha akifa, anazikwa na maneno yake.

Ijumaa bodi ilikaa kwenye maktaba. Niliitwa nikasimama mbele yao. Naibu akasoma malalamiko kwenye karatasi, sauti imejaa huruma kwa watoto. Yule mama muuza kuku, aliyeketi pale kama mjumbe wa wazazi, akanyoosha mkono, akauliza huyu Mzazi Mwenye Uchungu mtoto wake ni nani, maana yeye anajua wazazi wote wa darasa. Akaonyesha simu yake: alikuwa amepiga picha ya skrini kabla ile barua haijafutwa.

"Barua ilikuwa kwa meza yako," alimwambia naibu. "Sasa huyu mzazi anaingianga ofisi yako saa ngapi?"

Naibu akaweka simu yake mezani. Ina akaunti moja tu, akasema, yeyote aangalie. Mwenyekiti akachukua simu ya yule mama, akasema nambari ile bado iko kwenye orodha ya wanachama. Naibu akaikodolea macho orodha, kisha akaninyooshea kidole.

"Huyu ndiye alinitengenezea hiyo ya pili!"

Alisema hivyo mbele ya bodi nzima, kama utetezi. Mwenyekiti akafunga faili taratibu. Baadaye tulijua kwamba binti wa shemeji yake naibu alikuwa amemaliza chuo na anatafuta nafasi ya hesabu. Naibu alipewa onyo la maandishi, bila shaka lenye muhuri, na bado ni naibu. Mimi nilipewa mwaka mwingine.

Nilimfuata yule mama hadi langoni. Nilianza kumshukuru, maneno yakinitoka ovyo, nikasema sijui nimlipeje kwa kunitetea. Alikuwa anafunga leso yake vizuri, hakuniangalia.

"Najua ulifikiri ni mimi," akasema. "Na sijakutetea wewe, Madam. Mtoto ako na mtihani mwaka huu, na mwalimu mwingine hakuna."