Penseli ya Bluu

Heulwen Pugh alikuwa hanunui hata birika la chai bila kuangalia Mwezi uko katika nyota gani, na mji mzima wa Machynlleth ulijua hivyo. Kwa hiyo Idwal Breese alipoweka kikombe chake mezani jikoni kwa Heulwen, akafuta mdomo na kusema, "Sasa Heulwen, waonaje tukihamia nyumba moja?", hakushangaa kusikia jibu.

"Nipe saa yako ya kuzaliwa."

"Alfajiri ya tarehe mosi Mei. Mwaka hamsini na sita. Mama alikuwa akisema jua na mimi tulitoka pamoja, ila mimi nilipiga kelele zaidi."

"Alfajiri ni saa ngapi, Idwal? Sitaki mashairi."

"Kumi na moja na dakika hamsini. Mkunga alikuwa na saa ya mfukoni." Akakata kipande kingine cha bara brith, ule mkate mtamu wa zabibu kavu, akakipaka siagi pande zote mbili kama ilivyo desturi yake, akala taratibu. "Haya, nitasubiri. Mimi ni mtu wa kujenga kuta, nimezoea kusubiri."

Idwal alikuwa mgane wa miaka minne tangu kifo cha mkewe Menna, fundi wa zile kuta za mawe zisizo na saruji zinazopanda milima yote ya huko. Mikono yake ilikuwa mipana, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Heulwen alikuwa ametimiza sabini, na alikuwa ameachwa na mume zamani. Kwa zaidi ya miaka miwili walikuwa wakinywa chai pamoja kila Jumatano baada ya soko, na moyo wa Heulwen ulikuwa umempenda kabla kichwa hakijaulizwa. Ndiyo maana aliogopa.

Idwal alipoondoka, Heulwen alitandaza karatasi achore ramani ya nyota zake. Kwanza akaondoa saa moja, kwa sababu mwaka ule saa za Uingereza zilikuwa zimeshasogezwa mbele kwa majira ya joto, na asiyekumbuka hilo huchora ramani ya mtu mwingine kabisa. Kisha akapanga sayari moja moja katika nyota zao. Alikuwa na penseli za rangi nne, moja kwa kila asili ya nyota: nyekundu ya moto, kahawia ya udongo, njano ya hewa, bluu ya maji. Kila sayari aliizungushia rangi ya nyota ilimokaa.

Jua katika Ng'ombe: kahawia. Nyota iliyokuwa ikichomoza mashariki saa hiyo, Ng'ombe huyo huyo: kahawia tena. Mwezi katika Mbuzi: kahawia. Alicheka peke yake; mtu huyu angepandwa viazi, vingeota. Utaridi na Zuhura wote katika Mapacha, na Mirihi katika Ndoo: njano, njano, njano. Hewa hiyo ndiyo iliyompa Idwal ule mzaha wake mkavu. Mshtarii katika Simba na Zohali katika Mshale: nyekundu mbili.

Akahesabu pia mwendo wa nyota hizo, maana nyota si asili yake tu, ni pia namna inavyokwenda. Ziko zinazoanzisha, ziko zinazoshikilia, ziko zinazobadilika. Ng'ombe, Simba na Ndoo ni za kushikilia, na Idwal alijaa humo: Jua, nyota ya mashariki, Mirihi, Mshtarii. Mtu wa namna hiyo akishika habanduki. Akikupenda amekupenda, na akikununia utaota mvi.

Ndipo alipoona penseli ya bluu bado imelala pale pale, ncha yake haijaguswa.

Alihesabu tena. Uranus ilikuwa katika Kaa, ndiyo, na Kaa ni ya maji, lakini sayari hiyo hukaa miaka saba katika nyota moja. Kila mtoto aliyekaa darasani na Idwal alikuwa nayo pale pale. Huwezi kumpa mtu sifa kwa kitu alichogawana na shule nzima. Katika sayari zake mwenyewe, zile zinazosema tabia, hakukuwa na Kaa, hakukuwa na Nge, hakukuwa na Samaki. Maji hakuna.

Maji ndiyo hisia: kuona uchungu wa mwenzio kabla hajausema, kulia na anayelia. Heulwen aliijua nyumba isiyo na maji, kwa sababu alizaliwa ndani yake. Baba yake hakuwa na tone. Siku mama yake aliporudi kutoka hospitali akiwa amekonda kama ufito, baba aliinua macho kwenye gazeti akauliza chakula cha jioni ni nini. Si kwamba alikuwa mbaya. Hakuona tu. Mama aliishi naye miaka arobaini kama mtu anayeongea na kabati, na Heulwen aliapa hatarudia kosa hilo.

Basi akaolewa na Rhodri, aliyekuwa maji matupu, Jua Kaa na Mwezi Samaki. Rhodri alilia kwenye harusi, akalia kwenye michezo ya raga, na alipomwacha kwa ajili ya mwanamke wa Aberystwyth alilia mlangoni mpaka Heulwen akampa leso. Mbwa wao pia aliondoka naye. Kisa hicho kilipaswa kumfundisha kitu, lakini mja haoni la mbele yake.

Jumatano iliyofuata Heulwen hakwenda sokoni. Saa tisa mlango ukagongwa.

"Heulwen," Idwal alisema, kofia mkononi. "Umenikasirikia, au unaumwa, au umechoka? Mimi uso siwezi kuusoma, unanijua. Niambie tu."

"Huna maji, Idwal."

"Bomba limeharibika?"

"Kwenye ramani yako! Udongo tele, hewa ipo, moto upo. Maji sifuri." Akamweleza yote akiwa amesimama pale pale kizingitini, na habari za baba yake pia. Alizungumza haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Idwal alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaigeuza kofia yake mara moja, polepole.

"Nilipomzika Menna sikulia," alisema. "Watu walinisema. Huenda ramani yako ni ya kweli."

Akavaa kofia, akashuka ngazi. Hakugeuka.

Wiki ikapita, na nyingine. Mtu wa nyota za kushikilia akiumia haji kubisha hodi tena, na Heulwen alilijua hilo vizuri, kwani yeye mwenyewe Jua lake lilikuwa Ndoo na Zohali yake Nge, za kushikilia zote mbili. Walikuwa wawili wenye shingo ngumu, na bonde zima katikati yao. Nyumba ilikuwa kimya. Alimkumbuka kupita kiasi, hadi kile kisu cha siagi kilimfanya ageuze macho.

Mwishowe akaipeleka ramani dukani kwa Beti Tudor, muuza nyuzi za sufu, shoga yake na mwanafunzi wake wa nyota kwa miaka mingi. Beti aliitazama, akaitazama, kisha akamtazama yeye juu ya miwani.

"Na yako wewe, shoga, inakosa nini?"

"Udongo. Unajua."

"Udongo! Hata chembe! Na mtu asiye na udongo, mwalimu wangu, ulitufundisha yukoje?"

"Hana mpango," Heulwen alisema kwa shingo upande. "Hachungi muda. Vitu vinampotea."

"Ehe. Na nani hufika kituoni treni bado iko Shrewsbury? Nani ana tochi tatu, na kila chupa ya jamu ina tarehe? Nani hufunga mlango, akaenda, akarudi kuushika tena?"

"Hiyo ni kwa sababu naogopa, Beti. Nisipoangalia kila kitu kinaniponyoka. Wenzangu mambo hayo wanazaliwa nayo, mimi sikupewa, lazima nika..."

Beti akaendelea kukunja nyuzi zake kama vile hakusikia kitu.

Heulwen alikuwa amelifundisha jambo hilo mwenyewe, tena mara ngapi! Kile mtu alichozaliwa nacho hukitumia bila kufikiri, kama pumzi. Kile asicho nacho, mmoja hukisahau kabisa, na mwingine hukihangaikia maisha yake yote, akakifanya kwa bidii kuliko mwenye nacho. Ramani huonyesha shimo liko wapi. Haisemi mwenye shimo amefanya nini nalo. Baba yake alilisahau. Na Idwal?

*Umenikasirikia, au unaumwa, au umechoka?* Kila Jumatano, miaka miwili na zaidi, swali lile lile kwa maneno ya aina aina. Yeye alilichukulia kuwa ni upole wa mtu wa shamba. Baba yake hakuuliza hata siku moja. Rhodri naye, pamoja na machozi yake yote, hakuwahi kuuliza. Alikuwa na kazi ya kulia yake.

"Nipe hiyo ramani," alimwambia Beti.

"Viatu hivyo vitaingia matope."

"Na viingie."

Alimkuta Idwal mlimani juu ya kijiji cha Forge, akiziba pengo mahali ambapo ukuta ulikuwa umebomoka. Upepo ulikuwa mkali na kondoo walikuwa wamejibanza. Idwal alimwona, akaweka chini jiwe alilokuwa nalo, akasubiri. Hakumrahisishia mambo.

"Nimekosea," Heulwen alisema akihema. "Hesabu ilikuwa sawa, lakini nimeisoma vibaya. Idwal, nani alikufundisha kuuliza?"

"Kuuliza nini?"

"Kuniuliza ninajisikiaje."

Idwal alifuta udongo mikononi.

"Menna," alisema. "Mwaka wa kwanza tulipooana alilia siku nzima jikoni, mimi nikamwuliza kama kuna mkaa wa kutosha. Nilikuwa sijaona, Heulwen, naapa. Akaniambia, 'Idwal, kama huoni, uliza. Sitachukia ukiniuliza.' Basi nikawa nauliza. Kila siku nilikuwa nauliza. Mwishoni, alipokuwa hawezi tena kusema, nilikuwa nauliza naye ananibana kidole." Akavuta pumzi. "Baadaye nikawa nina maswali na sina wa kumwuliza. Nilimaliza miaka miwili hivyo, mpaka nikaja kunywa chai kwako."

Machozi yalimtoka Heulwen, mengi, upepo ukayapeleka pembeni hadi masikioni. Alimpenda mtu huyu kupita alivyowahi kumpenda yeyote, na alikuwa karibu kumpoteza kwa ajili ya penseli.

Idwal alisogea hatua moja, akasimama. Alimchunguza usoni kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi ya lugha aliyojifunza ukubwani.

"Hayo ni ya huzuni," aliuliza, "au ya furaha?"

"Yote mawili."

Aliwaza kidogo juu ya hilo.

"Basi unataka nikuache kwanza, au nije?"

"Njoo," Heulwen alisema. "Njoo hapa."