Namba Saba Haifutwi

Ofisi nzima ya upasuaji walimwita karani wao Bi Namba, na yeye aliitika. Barua pepe za wagonjwa hazikupita kwake hivihivi. Alizichapa, akatia penseli, kila swali akalipa namba yake. Jibu halitoki mpaka kila namba ijibiwe. Daktari alizoea kumtania kwamba hata salamu ataipa namba.

Jumatatu ile daktari alisoma, akiwa amesimama, barua ya binti mmoja ambaye baba yake alikuwa akisubiri kupasuliwa goti, akasema, "Mjibu: Alhamisi, saa mbili asubuhi, asile kitu."

"Ngoja kwanza, daktari."

Barua ilikuwa aya nne ndefu, shukrani na wasiwasi vimechanganyika humo kama nguo chafu kwenye beseni. Alama ya kuuliza ilikuwa moja tu, pale alipouliza saa. Lakini Bi Namba hakuwa mtu wa kutafuta alama. Alitafuta mahali mtu anapotaka kujua kitu. "Ningependa kumsindikiza baba na kulala naye wodini" aliigawa mara mbili, maana unaweza kukubaliwa moja ukanyimwa jingine. Katikati ya aya ya tatu, baada ya habari za goti, akakuta: "Bado anameza kile kidonge cha kuzuia damu kuganda, sijui kama aendelee." Akaandika: 5. Je, aendelee na kidonge cha kuzuia damu kuganda, au aache, na lini?

Miaka mingi nyuma aliandika yeye mwenyewe barua ya namna hiyo, kwa hospitali nyingine, juu ya mama yake. Aliuliza mambo manne kwa pumzi moja, akajibiwa moja. Mama hakurudi nyumbani. Kuuliza si ujinga, wanasema; basi na kutojibu kuitweje?

Daktari aliishika orodha, akafika namba tano, akaketi.

"Hiki kidonge hakimo kwenye faili lake."

"Kimo kwenye barua."

"Alhamisi haiwezekani tena. Angevuja damu mezani." Akavuta simu, akampigia binti mwenyewe: baba asiache dawa kwa kujiamulia, apime damu kesho, tarehe itasogezwa. Kisha akajaza majibu yote kwa kalamu, isipokuwa la mwisho.

7. Baba ananiuliza kama ataamka. Nimwambie nini?

"Hili si swali la daktari, Bi Namba. Lifute."

"Silifuti. Ndilo lililomfanya aandike."

Daktari akaichukua tena kalamu. Hatimaye akaandika, na Bi Namba akachapa neno kwa neno: "Mwambie siwezi kumwahidi. Wengi huamka. Na mimi nitakuwa pale mpaka tujue."

Kesho yake binti alijibu kwa mistari miwili. Baba alikuwa amekataa katakata kuja hospitali, na hilo binti hakuthubutu kulisema mwanzo. Sasa baba amemtaka amsomee namba saba mara ya pili, kisha akauliza viatu vyake viko wapi, waende wakapime damu.